Likizo bila malipo: ukirudi kazini, mshahara, pensheni na cheo utavikuta wapi?

Mume amepata nafasi ya masomo ng'ambo kwa miaka mitatu na mkewe, ambaye ni mtumishi wa umma, anataka kuandamana naye. Mtumishi mwingine ana mama mgonjwa kijijini anayehitaji mtu wa kumuuguza kwa mwaka mzima. Wa tatu amepata kazi ya mkataba wa miezi 18 kwenye shirika na hataki kuacha ajira yake ya kudumu. Wote watatu huambiwa jambo moja na wenzao: "Omba likizo bila malipo, kazi yako itakusubiri."

Ni kweli kazi inaweza kusubiri. Lakini mambo mengine matatu hayasubiri: ngazi ya mshahara, miezi ya kuchangia pensheni, na nafasi ya mtumishi katika foleni ya kupandishwa cheo. Wengi hugundua hilo miaka mingi baadaye, wanapofungua bahasha ya mafao na kukuta kiasi wasichokitarajia. Katika makala haya tunaeleza jinsi mambo hayo yanavyokwenda Tanzania, hasa kwa mtumishi wa umma aliye chini ya Mfuko wa Hifadhi ya Jamii kwa Watumishi wa Umma, PSSSF. Tutapiga hesabu ya mtumishi mmoja hatua kwa hatua, kisha tutaangalia yanayomhusu mfanyakazi wa sekta binafsi.

Kwanza, ni likizo ya aina gani?

Watu huchanganya ruhusa tatu ambazo kwa nje zinafanana, kwa sababu katika zote mtu haonekani ofisini kwake.

Ya kwanza ni ruhusa ya masomo au likizo ya kitaaluma yenye malipo. Vyuoni, mhadhiri aliyefundisha kwa miaka kadhaa anaweza kupewa muda wa kufanya utafiti au kuandika kitabu, na wanataaluma huiita sabatiko. Mwajiri akiendelea kulipa mshahara, makato ya pensheni nayo yanaendelea kama kawaida. Kwa upande wa mfuko, mhadhiri huyo hajaenda popote.

Ya pili ni kuazimwa. Mtumishi anapelekwa kufanya kazi kwenye taasisi nyingine kwa muda maalumu huku mwajiri wake akibaki yuleyule. Hapa jambo la kuangalia ni makubaliano ya kuazimwa: nani atalipa mshahara, na nani atapeleka mchango wa mwajiri kwenye mfuko. Hilo likiandikwa na kutekelezwa, miezi yake ya uchangiaji haikatiki.

Ya tatu ndiyo likizo bila malipo yenyewe. Mtumishi anabaki na ajira yake, lakini anaondolewa kwenye orodha ya malipo. Hakuna mshahara, kwa hiyo hakuna kitu cha kukatwa, na mchango wa mwajiri nao unasimama kwa sababu hukokotolewa kutoka kwenye mshahara huohuo.

Kwa hiyo swali la kujiuliza kabla ya yote ni hili: je, nikiwa huko, mshahara utaendelea kupita kwenye mfumo wa malipo? Jina lililoandikwa juu ya barua halina uzito kama jibu la swali hilo.

Pensheni inahesabu miezi

Mtumishi wa umma anachangia asilimia 5 ya mshahara wake PSSSF, na mwajiri anaongeza asilimia 15. Jumla ni asilimia 20. Mtu mwenye mshahara wa shilingi 1,000,000 anakatwa 50,000 na mwajiri anaweka 150,000 kila mwezi. Akikaa miezi 36 bila mshahara, michango ya shilingi 7,200,000 haitaingia.

Wengi huishia kwenye hesabu hiyo na kujifariji: "Hela hiyo nitaiweka benki mwenyewe." Tatizo ni kwamba pensheni ya PSSSF hailipwi kwa kuangalia fedha kiasi gani zimelundikana kwenye akaunti ya mwanachama. Inalipwa kwa kanuni, na kanuni hiyo, inayotumika tangu Julai 2022, inatazama vitu viwili tu: miezi uliyochangia na mshahara wako wa miaka ya mwisho.

Kwa maneno ya kawaida, inasomeka hivi. Chukua wastani wa mshahara wa mwaka, yaani wastani wa miaka 3 iliyo bora zaidi katika miaka 10 ya mwisho kabla ya kustaafu. Gawanya kwa 580. Zidisha kwa idadi ya miezi uliyochangia. Unachopata ni pensheni kamili ya mwaka. Sehemu yake hubadilishwa kuwa mkupuo unaolipwa siku ya kustaafu, na iliyobaki hulipwa kila mwezi maisha yote. Kwa kuwa mkupuo na malipo ya kila mwezi vyote hutoka kwenye namba hiyo moja, ikipungua, vyote viwili vinapungua. Katika hesabu zetu hapa chini tutataja pensheni kamili, kabla ya kugawanywa, ili mambo yasichanganyike.

Likizo bila malipo inagusa miezi moja kwa moja. Kila mwezi usiochangia ni mwezi mmoja uliopungua. Kutokana na kanuni hiyo kuna njia fupi ya kujua hasara yake: gawanya mshahara wa mwezi unaotarajia kuwa nao mwishoni mwa utumishi kwa 580. Kiasi hicho ndicho kitakachopungua kwenye pensheni kamili ya kila mwezi, kwa kila mwezi mmoja wa likizo.

Tahadhari kwamba tunazungumzia mshahara wa mwishoni, si wa leo. Mtu anayechukua likizo akiwa na mshahara wa 1,000,000 atailipia baadaye kwa bei ya mshahara wa 2,400,000, kama huko ndiko atakakofika.

Hesabu ya muuguzi mmoja

Tumchukue muuguzi wa hospitali ya wilaya. Tarakimu za mishahara hapa ni za mfano, zimechaguliwa ili hesabu iwe rahisi kufuata.

Aliajiriwa Julai 2010 akiwa na miaka 27. Umri wa kustaafu kwa lazima ni miaka 60, kwa hiyo ataondoka Julai 2043. Akifanya kazi bila kukatiza atakuwa amechangia miaka 33, sawa na miezi 396. Tuseme kwamba wastani wa mshahara wake wa miaka ya mwisho utakuwa shilingi 2,400,000 kwa mwezi, yaani 28,800,000 kwa mwaka.

Tukigawanya 28,800,000 kwa 580 na kuzidisha kwa 396 tunapata takriban 19,663,000 kwa mwaka. Kwa mwezi ni kama 1,638,600. Hiyo ndiyo pensheni kamili ya muuguzi ambaye hakuondoka.

Sasa tuseme aliondoka kwa miaka mitatu kumfuata mumewe masomoni. Miezi 36 inatoka, inabaki 360. Tukishika mshahara uleule wa mwisho, pensheni kamili inakuwa takriban 17,876,000 kwa mwaka, au 1,489,700 kwa mwezi. Amepoteza kama shilingi 149,000 kila mwezi. Njia yetu fupi inatoa jibu hilohilo: 2,400,000 gawanya kwa 580 ni kama 4,138, na mara 36 ni 148,966.

Hasara hii ina sifa moja nzuri: inajulikana mapema. Muuguzi huyu angeweza kukaa mezani na mumewe kabla ya safari, wakapiga hesabu na kuamua kama masomo yale yanalipa gharama hiyo.

Lakini hapo tumedhani kwamba akirudi atafikia mshahara uleule ambao angeufikia kama asingeondoka. Hilo ndilo ambalo mara nyingi halitokei.

Tuseme alirudi, akachelewa kupanda daraja mara moja, na uchelewaji huo haukufidiwa mpaka mwisho. Wastani wake wa miaka ya mwisho ukawa 2,200,000 badala ya 2,400,000. Kwa mwaka ni 26,400,000. Gawanya kwa 580, zidisha kwa 360, unapata takriban 16,386,000, au 1,365,500 kwa mwezi. Zimeondoka tena shilingi 124,000 hivi kila mwezi.

Tazama namba hizo mbili. Miezi iliyokosekana imemgharimu 149,000. Daraja moja lililochelewa limemgharimu 124,000. Hasara ya pili inakaribia kuwa sawa na ya kwanza, na mbali na pensheni imemnyima pia mshahara mkubwa zaidi kwa miaka yote aliyokuwa bado kazini. Tofauti yao ni kwamba ya kwanza haikwepeki mara likizo inapoanza, ilhali ya pili inategemea sana jinsi likizo ilivyopangwa na jinsi mtumishi alivyorudi.

Jinsi daraja linavyochelewa

Mshahara wa mtumishi wa umma hupanda kwa njia mbili. Kuna nyongeza ya mwaka, ambayo humsogeza ngazi moja ndani ya daraja lake na huingia Julai, mwanzo wa mwaka wa fedha. Na kuna kupandishwa cheo, ambako humtoa daraja moja kwenda jingine. Muundo wa utumishi wa kila kada hueleza mtumishi anatakiwa awe amekaa katika cheo chake kwa muda gani kabla ya kufikiriwa. Kwa kada nyingi ni angalau miaka mitatu ya kazi nzuri.

Maneno "ya kazi nzuri" ndiyo yenye uzito. Kazi hupimwa kila mwaka, na siku hizi upimaji unafanyika kupitia mfumo wa PEPMIS, ambako mtumishi na msimamizi wake huweka majukumu ya mwaka na kuyatolea alama. Aliye likizo bila malipo hana majukumu ya kuweka, kwa hiyo hana alama. Tarehe yake ya kuajiriwa haibadiliki, wala cheo chake hakishuki. Ila saa inayohesabu miaka ya kumpeleka cheo kinachofuata imesimama, wakati saa ya mwenzake waliyeajiriwa siku moja inaendelea.

Hapa ndipo tarehe ya kuanza likizo inapokuwa na maana. Mwaka wa upimaji unafuata mwaka wa fedha, Julai hadi Juni. Likizo ya miezi 12 inayoanza Julai na kuisha Juni inafuta mwaka mmoja wa upimaji. Likizo ya miezi 12 ileile ikianza Januari na kuisha Desemba inakata miaka miwili katikati: nusu ya pili ya mwaka mmoja na nusu ya kwanza ya unaofuata. Mtumishi anaweza kujikuta na miaka miwili ambayo yote ina kasoro, ingawa hakuwepo kwa mwaka mmoja tu. Kama safari inaweza kusogezwa, kuipanga ifuate mwaka wa fedha hakuna gharama yoyote.

Jambo la pili ni bajeti. Hata mwenye sifa zote hapandishwi mpaka nafasi yake iwe kwenye ikama na mshahara mpya uwe umetengewa fedha. Maandalizi hayo hufanyika miezi kadhaa kabla ya Julai. Mtumishi anayejitokeza ghafla mwezi Juni baada ya miaka mitatu hakumbukwi kwenye orodha iliyokwisha kuandaliwa, hivyo anasubiri mwaka mwingine. Anayemwandikia mwajiri wake mapema, tuseme Desemba au Januari, kwamba anarudi Julai na kwamba kabla ya kuondoka alikuwa amekwisha kutimiza miaka miwili katika cheo chake, anawapa maofisa utumishi sababu ya kulifungua faili lake kwa wakati.

Kuna pia anayeondoka akiwa amebakiza muda mfupi kutimiza sharti la cheo. Mtu aliyebakiza miezi minne, akiweza kuisubiri ipite, apimwe na apandishwe kwanza, anaondoka akiwa juu ya ngazi badala ya kuja kuanza kuipanda baadaye.

Ukongwe kazini unahesabiwa kutoka wapi?

Neno "ukongwe" huleta ugomvi ofisini. Aliyerudi anasema, "Mimi niliajiriwa 2010, yeye 2012, inakuwaje awe msimamizi wangu?" Jibu ni kwamba kuna tarehe mbili katika faili la kila mtumishi. Kuna tarehe ya kuajiriwa kwa mara ya kwanza, na kuna tarehe ya kushika cheo alicho nacho sasa. Likizo haigusi ya kwanza. Katika upandaji wa vyeo, inayotazamwa zaidi ni ya pili, na wa 2012 aliyepanda cheo wakati mwenzake hayupo amemtangulia kihalali.

Tarehe ya kwanza hupotea kwa njia nyingine: mtu anapoacha kazi badala ya kuchukua likizo. Aliyejiuzulu na baadaye kuomba ajira upya anaanza kama mwajiriwa mpya, na hana haki ya kudai cheo alichokiacha. Ndiyo maana likizo bila malipo, pamoja na hasara zake zote, mara nyingi ni bora kuliko kuandika barua ya kuacha kazi.

Hatari kubwa kuliko zote ni kuondoka kabla ya kibali. Ombi hupitia kwa mwajiri na kibali hutolewa na mamlaka ya utumishi, na safari ya barua inaweza kuchukua wiki nyingi. Tiketi ikishakatwa, mtu hushawishika kuondoka kwa ahadi ya mdomo: "Nenda tu, barua itakufuata." Asiyeonekana kazini kwa zaidi ya siku tano bila ruhusa ana kosa la utoro, na adhabu yake inaweza kuwa kufukuzwa kazi. Akifukuzwa, hajapoteza ngazi moja ya mshahara. Amepoteza ajira, pamoja na sifa njema ya faili lake. Barua iwe mkononi kabla ya kufunga mizigo.

Nani asiichukue bila kufikiri mara mbili?

Ili kulipwa pensheni ya kila mwezi, mwanachama anatakiwa awe amechangia angalau miezi 180, sawa na miaka 15. Kwa aliyeajiriwa na miaka 25 sharti hili liko mbali. Kwa aliyechelewa kuingia kwenye utumishi ni jambo la kuangaliwa kwa makini.

Tuseme mtu aliajiriwa akiwa na miaka 43. Mpaka miaka 60 ana miaka 17, yaani miezi 204. Ana akiba ya miezi 24 tu juu ya sharti. Akichukua likizo ya miaka miwili anabaki na miezi 180 kamili, na mwezi mmoja tu wa mchango usioletwa unamwangusha. Akichukua miaka mitatu anabaki na 168. Hapo hatapata pensheni ya kila mwezi iliyopungua kidogo. Hataipata kabisa, na atalipwa mkupuo mmoja badala yake. Kabla ya kuomba, mtumishi wa namna hii ahesabu miezi aliyokwisha kuchangia, akijumlisha ile ya mifuko ya zamani ya PSPF, LAPF, GEPF na PPF iliyounganishwa mwaka 2018. Taarifa ya michango hupatikana ofisi za PSSSF au kwenye huduma yao ya simu, PSSSF Kiganjani.

Aliye karibu na kustaafu, kwa upande mwingine, ana kinga kidogo. Kwa kuwa kanuni inachukua miaka 3 bora katika miaka 10 ya mwisho, mwaka mmoja usio na mshahara akiwa na miaka 57 hauharibu wastani wake, mradi miaka mingine mizuri imo ndani ya hiyo 10. Anapoteza miezi 12, basi.

Ukiwa sekta binafsi

Mfanyakazi wa sekta binafsi anachangia NSSF, ambako jumla ya mchango ni asilimia 20 ya mshahara na sehemu ya mfanyakazi haizidi nusu yake. Kanuni ya pensheni ni ileile, na sharti la miezi 180 ni lilelile. Kwa hiyo yote tuliyosema kuhusu miezi yanamhusu.

Tofauti iko kwenye ulinzi wa nafasi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi likizo ya mwaka ya siku 28, likizo ya ugonjwa, ya uzazi na ya msiba, na zote zina masharti yake ya malipo. Likizo ndefu bila malipo ni suala la makubaliano na mwajiri. Kilichokubaliwa ndicho kitakacholindwa, na kisichoandikwa ni vigumu kukidai. Sheria hiyo inataka mabadiliko ya masharti ya ajira yawekwe kwenye maandishi na mfanyakazi ajulishwe, na likizo ya mwaka mzima bila mshahara ni badiliko la wazi.

Kuna mambo mawili ya kuandikwa bila kukosa. Moja ni kwamba ajira inaendelea bila kukatika wakati wa likizo. Hili lina fedha ndani yake, kwa sababu kiinua mgongo cha kisheria anapoachishwa mfanyakazi ni mshahara wa siku saba kwa kila mwaka uliokamilika wa utumishi mfululizo, hadi miaka 10. Mwajiri akidai kwamba utumishi ulianza upya siku uliporudi, miaka ya nyuma inaingia kwenye mgogoro. La pili ni tarehe ya mwisho ya mkataba. Mwenye mkataba wa muda maalumu akumbuke kwamba likizo haiongezi siku kwenye mkataba wake. Ukiisha akiwa likizo, hana mahali pa kurudi isipokuwa wamekubaliana vingine.

Barua iseme nini, na siku ya kurudi ufanye nini

Barua nyingi za likizo bila malipo tulizowahi kuonyeshwa zina mistari mitatu: umekubaliwa, kuanzia lini, mpaka lini. Hazitoshi. Mtumishi ana haki ya kuomba barua itaje pia cheo na ngazi ya mshahara aliyokuwa nayo siku ya kuondoka, ieleze kama kipindi hicho kitahesabiwa au hakitahesabiwa katika nyongeza na kupanda cheo, iseme kama kuna yeyote atakayepeleka michango ya pensheni, na imwonyeshe aripoti kwa nani siku ya kurudi. Akiombwa kusaini kwamba kipindi hakitahesabiwa, angalau anajua anachosaini.

Aangalie pia makato yaliyokuwa yakipita kwenye mshahara. Mkopo wa benki na wa elimu ya juu hausimami kwa sababu mshahara umesimama. Kinachosimama ni njia ya kuulipa, na deni linabaki kwa mwenyewe. Mchango wa bima ya afya nao hukatwa kwenye mshahara, hivyo familia inayobaki nyumbani inaweza kukuta kadi haifanyi kazi.

Na kama mshahara umeendelea kuingia baada ya likizo kuanza, usiutumie. Andika barua kwa mwajiri mara moja. Kosa huwa ni la mfumo wa malipo, lakini deni litaandikwa kwa jina lako, na aliyekaa kimya kwa mwaka mzima hupata shida kueleza kwamba hakujua.

Siku ya kurudi, ripoti kwa maandishi na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa, kwa maana tarehe hiyo ndiyo mwanzo wa saa yako mpya. Kurudishwa kwenye orodha ya malipo kunaweza kuchukua muda, kwa hiyo weka akiba ya miezi miwili au mitatu. Hati ya kwanza ya mshahara ikitoka, isome mstari kwa mstari: cheo ni kile ulichoacha? Ngazi ni ileile? Makato ya PSSSF yamerudi? Kisha, baada ya miezi miwili hivi, fungua taarifa yako ya michango uone kama mchango wa mwajiri nao umefika. Ngazi iliyoandikwa vibaya hurekebishwa kwa barua moja mwezi huo. Ikigunduliwa miaka 15 baadaye kwenye dirisha la mafao, waliokuwa wakijua habari yako watakuwa wamekwisha kustaafu.

Turudi kwa muuguzi wetu. Shilingi 149,000 za miezi 36 atazipoteza kwa vyovyote, na huenda ameridhika kwamba miaka ile pamoja na familia ilistahili. Zile 124,000 nyingine hazikuwa lazima. Zingeweza kuokolewa kwa kuondoka Julai badala ya Januari, kwa barua moja iliyotumwa mapema kabla ya bajeti, na kwa kuisoma vizuri hati ya mshahara ya mwezi wa kwanza baada ya kurudi.